Sumu ya Simba Mmoja, Mauti ya Tumbusi Mia

Hapa Pwani ukimwita mtu tumbusi umemtukana. Ni yule jamaa ambaye mgonjwa hajakata roho lakini yeye tayari anauliza hati ya shamba iko wapi. Ndege mwenyewe tumempa jina baya kwa sababu ya shingo yake isiyo na manyoya, na kwa sababu riziki yake ni kibudu, nyama ambayo kwetu ni haramu. Leo nataka nimtetee, kwa sababu anakufa kwa wingi na kwa njia ambayo wengi wetu hatuijui, na akishakwisha, hasara itabisha hodi kwetu.

Jambo hili si la mbali. Nyama nyingi inayouzwa kwenye bucha za Mombasa, Kilifi na Malindi hutoka kwa mifugo ya Tana River, ya Garissa na ya ranchi za Taita Taveta, na wengi wa ng'ombe hao hupitia mnadani Mariakani. Malisho wanakotoka yamepakana na Tsavo, na Tsavo ina simba na fisi. Sumu ninayoizungumzia inaanzia hapo, pale mfugaji na simba wanapokutana.

Kwanza tuangalie kazi ya ndege huyu. Mnyama akifa porini, iwe ni kwa ukame, kwa ugonjwa au kwa uzee, mara nyingi tumbusi ndio hufika kwanza, na huja wakiwa na mgawanyo wa kazi. Yule mkubwa mwenye ngozi iliyokunjamana usoni ana mdomo wenye nguvu, na ndiye anayeweza kupasua ngozi ngumu ya nyati au ng'ombe. Wale wa mgongo mweupe na wale wanaoitwa wa Rupeli wana shingo ndefu tupu, wanaingiza kichwa ndani ya tumbo na kutoa nyama laini bila kuchafua manyoya. Yule mdogo mwenye mdomo mwembamba huokota mabaki yaliyonata kwenye mifupa. Kundi kubwa likikamilika, swala huweza kubaki mifupa katika muda usiofika saa moja. Serengeti, watafiti waliwahi kukadiria kwamba tumbusi hula nyama nyingi kuliko simba, fisi na wanyama wengine wala nyama wakijumlishwa pamoja.

Je, wasipokuwepo, mzoga si utaoza tu na mambo yaishe? Swali hilo lilijibiwa hapa hapa Kenya. Mtafiti Darcy Ogada na wenzake waliweka mizoga ya mbuzi huko Laikipia, mingine ikifikiwa na tumbusi na mingine bila tumbusi, wakahesabu kila kilichofika. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2012. Pale ambapo tumbusi hawakuwepo, mzoga ulichukua karibu mara tatu ya muda kwisha. Wanyama kama fisi na mbweha waliokuja kuula waliongezeka mara tatu, na muda waliokaa hapo nao ukaongezeka karibu mara tatu. Maana yake ni kwamba fisi na mbweha wanakaa pamoja siku kadhaa, wanagombana, wanaumana na kuramba damu moja. Hivyo ndivyo maradhi yanavyohama kutoka mnyama mmoja hadi mwingine, na baadaye hadi kwa mbwa anayelala mlangoni mwa boma.

Sitaki kumpamba tumbusi kupita kiasi. Hawezi kuondoa kila ugonjwa, na ng'ombe aliyekufa kwa kimeta bado ni kazi ya daktari wa mifugo, wala hapaswi kuachwa wazi au kupasuliwa. Faida ya tumbusi ni kwamba anamaliza mzoga haraka, kabla haujawa mkutano wa wanyama wengine. Tumbo lake lina asidi kali sana, na vijidudu vingi vinavyomla mzoga vinafia humo.

Sasa tuje kwenye sumu. Simba akiua ng'ombe, hamalizi nyama yote kwa mkupuo mmoja. Hula akashiba, akaenda kulala kichakani, na mara nyingi hurudi usiku unaofuata. Mfugaji anajua hivyo. Asubuhi anapofika na kukuta mabaki, anajua pia kwamba adui yake atarejea pale pale. Mzee mmoja mfugaji upande wa Galana aliniambia maneno ambayo sikuweza kuyajibu. Nilimwuliza, "Mzee, kwa nini msiende kushtaki?" Akaniangalia, akasema: "Mwanangu, ng'ombe yule alikuwa anakamuliwa. Watoto wameamka hawana maziwa. Ofisi iko mbali, na simba atarudi leo."

Kwa mtu aliye katika hali hiyo, jibu rahisi liko dukani. Kuna dawa za kuua wadudu wa shambani ambazo ni kali kupita kiasi. Iliyovuma zaidi Kenya ni kabofurani, iliyokuwa ikiuzwa kwa jina la Furadan, chembechembe za rangi ya zambarau za kuchanganywa na udongo ili kuua wadudu wa mizizi. Mwaka 2009, baada ya televisheni ya Marekani kuonyesha jinsi inavyoua simba wa Kenya, kampuni iliyoitengeneza iliamua kuiondoa katika soko letu. Lakini dawa za jamii hiyo hazikwisha. Mwishoni mwa mwaka 2015, simba wa kundi maarufu la Masai Mara walikufa kwa dawa iitwayo kabosulfani, ambayo ikiingia mwilini hugeuka kuwa kabofurani ile ile. Kwa hivyo jina kwenye kopo lilibadilika, lakini kilichoua ni kile kile.

Mfugaji hunyunyiza chembe hizo kwenye mabaki ya ng'ombe wake, kisha huondoka. Nia yake ni kuua simba mmoja au wawili. Kinachotokea baadaye ndicho ambacho watu wengi hawakifikirii.

Sumu imewekwa asubuhi, na simba atarudi usiku. Katikati yake kuna mchana mzima, na mchana ni wa tumbusi. Ndege huyu hatafuti chakula kwa kunusa, hutumia macho tu. Jua likishapasha ardhi, hupanda juu kwa hewa ya joto bila kupiga mbawa, huku akitazama mambo mawili: ardhi iliyo chini yake, na wenzake walio mbali angani. Mmoja akiona mzoga na kuanza kushuka, jirani yake aliye kilomita kadhaa anaona kwamba mwenzake ameshuka, naye anamfuata. Anayemwona huyo wa pili anafuata pia. Ni kama wavuvi ufukweni wanaotazama matanga: dau moja likigeuza ghafla, wengine wote wanajua samaki wako wapi. Kwa njia hiyo, mzoga mmoja wa ng'ombe unaweza kuvuta ndege kutoka eneo kubwa sana kwa muda mfupi, na wote wanakula nyama ile ile kwa wakati mmoja.

Hii ndiyo sababu sumu humpata tumbusi kuliko mnyama mwingine yeyote. Simba huishi katika kundi dogo, na akifa mmoja wengine huenda hawakuwa pale. Tumbusi huitana kwa macho, hata wale ambao asubuhi hiyo walikuwa wilaya nyingine.

Mwenye kujua habari za asidi ya tumbo lake atauliza: kama anaweza kula nyama iliyooza na asidhurike, kwa nini sumu imuue? Ni kwa sababu asidi huua vijidudu, na kabofurani si kijidudu. Ni kemikali inayoingia kwenye damu na kuvuruga mishipa ya fahamu. Katika hali ya kawaida, mshipa unapotuma amri kwa msuli, kuna kimeng'enya kinachofuta amri hiyo mara tu msuli ukishatii. Sumu hii huzuia kimeng'enya hicho. Amri zinarundikana bila kufutwa, misuli inatetemeka, mate yanatoka, kisha misuli ya kupumua inashindwa kufanya kazi. Ndege ni dhaifu sana mbele ya kemikali hii, na kiasi kidogo mno kinatosha. Wengine hufa kabla hawajatoka kwenye mzoga, nyama ikiwa bado iko kooni.

Na mzunguko hauishii hapo. Ndege aliyekufa akiwa na nyama ya sumu tumboni naye amekuwa chambo. Mbweha akimla anakufa, na tai anayemdonoa anakufa vile vile. Simba aliyekusudiwa huenda akarudi usiku, au huenda alishapita njia nyingine.

Kuna aina ya pili ya sumu, na hiyo lengo lake ni tumbusi wenyewe. Mwindaji haramu akiua ndovu, anahitaji muda wa kung'oa pembe na kuondoka. Tumbusi wakizunguka juu, askari wa wanyamapori anawaona akiwa mbali na kujua kuna mnyama ameuawa. Kwa hivyo majangili wengine hupaka sumu kwenye mzoga wa ndovu ili wamalize mashahidi hao wa angani. Mwezi Juni 2019, nchini Botswana, mizoga ya ndovu watatu iliyotiwa sumu iliua tumbusi 537. Wengi wao, 468, walikuwa wa mgongo mweupe. Ni ndovu watatu tu, na tukio moja tu.

Utafiti uliokusanya habari za vifo vya tumbusi barani Afrika, uliochapishwa mwaka 2016, uliona kwamba karibu vifo sita katika kila kumi vilivyoripotiwa vilitokana na sumu. Waya za umeme na biashara ya viungo vyao kwa waganga zilikuja nyuma yake. Huko Masai Mara, Munir Virani na wenzake walionyesha mwaka 2011 kwamba katika miongo mitatu hivi idadi ya tumbusi ilishuka kwa takriban asilimia 60. Tangu mwaka 2015, tumbusi wa mgongo mweupe, wa Rupeli, yule mdogo mwenye mdomo mwembamba na yule wa kichwa cheupe wote wameorodheshwa kimataifa katika daraja la mwisho kabla ya kutoweka porini.

Mtu anaweza kusema: kuku wakifa kwa kideri, mwaka ujao tunao wengine. Tumbusi si kuku. Jike hutaga yai moja tu kwa msimu. Yai la tumbusi wa mgongo mweupe huatamiwa kwa karibu miezi miwili, na kinda hukaa kiotani miezi minne hivi, akilishwa na baba na mama kwa zamu. Akiruka, ana miaka kama mitano mbele yake kabla hajaanza kuzaa. Ndege huyu ameumbwa kuishi miaka mingi na kuzaa polepole, na maisha ya namna hiyo hayastahimili vifo vya ghafla vya watu wazima.

Nifanye hesabu ya mfano, namba zikiwa zangu za kuelezea tu. Chukua eneo lenye tumbusi wazima 200. Katika mwaka mzuri, vifo vya kawaida vikishatolewa, idadi yao inaongezeka kwa ndege wawili katika kila mia, yaani wanne. Siku moja ng'ombe mmoja anatiwa sumu na ndege 80 wanakufa. Wamebaki 120. Kwa kuongezeka wawili katika kila mia kwa mwaka, itachukua miaka 26 kurudi 200. Na hapo nimechukulia kwamba katika miaka yote hiyo 26 hakuna mtu hata mmoja atakayetia sumu mzoga mwingine. Wala sijahesabu makinda yaliyoachwa viotani, kwa sababu mzazi mmoja akifa, yule aliyebaki ni vigumu kulinda kiota na kutafuta chakula peke yake. Ndiyo maana idadi yao haishuki pole pole kama maji ya mtungi unaovuja. Inaanguka kwa ngazi, tukio moja baada ya jingine, na hakuna muda wa kupanda tena.

Kinachofuata tumbusi wakishakwisha tumeshakiona kwa jirani zetu wa ng'ambo ya bahari. Nchini India, kuanzia miaka ya 1990, mamilioni ya tumbusi walikufa. Huko hapakuwa na aliyewakusudia mabaya. Ng'ombe walikuwa wakitibiwa maumivu kwa dawa ya diklofenaki, wakifa mabaki ya dawa yanabaki mwilini, na tumbusi anayekula anaharibika figo. Aina moja ilipungua kwa zaidi ya asilimia 99 kabla serikali haijapiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo mwaka 2006. Mizoga ya ng'ombe ikabaki nje ya miji, na mbwa koko ndio waliorithi chakula. Mbwa waliongezeka kwa mamilioni, na watu wakaumwa. Watafiti walikadiria kwamba vifo vya ziada vya kichaa cha mbwa kati ya mwaka 1992 na 2006 vilifika karibu 48,000. Sisi tunaoishi na mbwa koko kwenye majaa ya taka na nyuma ya machinjio hatuhitaji kufasiriwa habari hiyo.

Basi mtu akikuta ndege wamelala porini, atajuaje kama ni sumu? Aliyeuawa na umeme huwa chini ya nguzo au waya, peke yake au na mwenzake, na mara nyingi ana alama ya kuungua. Wa sumu huwa wengi, wamelizunguka windo au wameangukia chini ya miti ya karibu, na huwa wa aina mbalimbali pamoja na mbweha au fisi. Wengine wanakutwa njiani kuelekea maji. Tazama pia nzi: mzoga wa kawaida umejaa nzi hai, lakini mzoga wenye sumu kali mara nyingi una nzi waliokufa juu yake na pembeni yake. Ukiona chembe za rangi isiyo ya nyama, usiguse kabisa, wala usimwachie mbwa wako akaribie. Sumu hii inapita hata kwenye ngozi ya binadamu.

Kinachotakiwa ni kuwaita maafisa wa KWS haraka, na kuwaelekeza mahali penyewe. Kila saa ina thamani, kwa mambo mawili. Ndege anayetetemeka lakini bado anapumua anaweza kuokolewa akipata daktari mapema, maana kuna dawa ya kupambana na sumu ya aina hii. La pili ni kwamba tumbusi wengine bado wako njiani angani. Maafisa wakifika huchukua vipande vya nyama vya kupimwa, kisha hukusanya mzoga pamoja na kila ndege na mnyama aliyekufa, na kuvichoma vyote hadi kuwa majivu. Kuufunika kwa matawi tu hakutoshi, kwa sababu fisi ataufukua usiku.

Lakini narudi kwa yule mzee wa Galana, kwa sababu kumwambia "usitie sumu" bila jambo jingine ni kumwachia simba na njaa. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inampa haki ya kudai fidia ya mfugo aliyeuawa, kupitia kamati ya kaunti. Tatizo ni kwamba fidia hiyo imekuwa ikicheleweshwa, na kila mfugaji anajua hilo. Fidia inayokuja baada ya miaka haiwezi kushindana na unga unaouzwa dukani leo. Kwangu mimi hapo ndipo pa kubana: wawakilishi wetu wa wadi na wabunge wa Tana River, Taita Taveta, Kilifi na Kwale waulizwe madai mangapi yamelala na kwa nini. Na mwenye duka la dawa za kilimo aulizwe anamwuzia nani dawa hizi, na mnunuzi ana shamba gani.

Upande wa boma lenyewe, mambo yanayosaidia yanajulikana. Mifugo mingi huliwa usiku, na hasa wale waliosahauliwa malishoni wakati wengine wanarudi. Kuhesabu kabla ya magharibi na kumfuata aliyepotea kunapunguza hasara kubwa. Boma la seng'enge, au la miiba iliyoshonana isiyoonyesha ng'ombe kwa nje, humzuia simba asiwatishe wakavunja na kukimbia. Kule Kitengela kijana Richard Turere, akiwa bado mtoto, alibuni taa zinazowaka na kuzima kuzunguka boma la baba yake, simba akadhani kuna mtu anatembea na tochi. Wafugaji wengine wameziiga.

Hakuna kati ya hayo kinachofika bei ya chini ya kopo moja la sumu, na hilo ndilo linalotuumiza. Kopo lile linaonekana rahisi kwa sababu anayelilipia si aliyelinunua. Analipa tumbusi leo, na kesho atalipa mtoto aliyeumwa na mbwa kijiji cha pili.